"Wiki ya nane imeanguka nusu": daftari la jumuiya ya mwani Pemba na namba zilizotaka kutugombanisha

Nianze na Jumamosi ile ya wiki ya nane. Bi Mwenyekiti kafungua shiti la utazamaji wa vidio zetu za YouTube kwenye simu yake, kaangalia mstari wa mwisho, kisha kanipigia, hata salamu hazijesha: "Mwanangu, wiki ile ilikuwa 416, wiki hii 202, mmezifanya nini vidio zetu?" Na mie nikajua hapo hapo lawama inakwenda kwa nani, kwa sababu wiki hiyo hiyo kijana wetu anayehariri alikuwa kaanza kutia muziki kidogo mwanzoni mwa klipu, na wazee wawili watatu walishanung'unika kuwa sasa imekuwa kama tangazo la sabuni.

Hii ni jumuiya ya kina mama wakulima wa mwani kaskazini ya Pemba, thelathini na kitu tu, mtu wa mshahara hakuna. Vidio zenyewe ni za dakika tatu nne: namna ya kufunga mbegu kwenye kamba kwa vikamba vya taitai, kwa nini kuanika juu ya chanja na si mchangani, mwani ukigeuka mweupe ukaanza kukatika ufanye nini. Tunapandisha moja kila Jumapili baada ya Isha, linki inatiwa kwenye magrupu ya wasap, basi. Zile programu za kulipia zinazokukusanyia takwimu zote sehemu moja hatuna na hatutegemei kuwa nazo, pesa ikipatikana inanunua kamba. Kwa hiyo kila Jumamosi nakaa na simu na shiti la bure la Google, na daftari la kaunta pembeni kwa sababu umeme na bando havina ahadi, najaza kwa mkono. Dakika arubaini hivi.

Shiti lenyewe halina maajabu. Tarehe, saa niliyosoma, jumla ya utazamaji wa chaneli tangu ianze, tofauti na wiki iliyopita, vyanzo, komenti, tumepandisha nini, na mwisho safu pana nimeiandika "mengineyo", ambayo mwanzo nilidhani ni ya mapambo tu.

Wiki mbili za majaribio tulizitupa kabisa, na sababu ni ya kijinga lakini naona watu wengi wanaangukia hapo hapo. Mie niliandika jumla tangu mwanzo, mwenzangu aliyenishikia wiki iliyofuata akaandika za wiki ile tu, kwa hiyo shiti likasema tulikuwa elfu mbili tukaporomoka hadi mia tatu. Tukakubaliana: binadamu anaandika jumla peke yake, ile tofauti inatolewa na shiti. Jumla iko safu ya C, basi safu ya D ni hivi:

```
=C3-C2
```

Uzuri wa kuandika jumla ni kuwa kosa linajirekebisha. Wiki moja ukasoma vibaya, ukaandika pungufu kwa hamsini, wiki ile itaonekana ndogo na inayofuata itaonekana kubwa kwa hamsini hizo hizo, baada ya hapo mambo yako sawa. Ukiumwa ukaruka wiki, unapata ya wiki mbili kwa pamoja, hujapoteza kitu. Lakini ukiandika za wiki peke yake, shimo linabaki shimo. Na ukiona tofauti imetoka na alama ya kutoa mbele yake usishtuke moja kwa moja, YouTube huwa wanafuta utazamaji wanaouona si wa kweli, au kuna mtu kwenu kafuta vidio, ndiyo maana kila nikisoma napiga skrinshoti kwanza, nikibishana nibishane na picha.

Saa ya kusoma nayo si ya kupuuza. Jumla tunaisoma Jumamosi saa tano na nusu asubuhi, na hiyo saa haikuchaguliwa kwa kupenda. Ripoti za tarehe ndani ya YouTube Studio, pale mwenye chaneli anapoonea takwimu zake, zinafuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo siku yao inageuka kwetu saa nne asubuhi, na miezi ya baridi yao inageuka saa tano. Mtu akiangalia Ijumaa kwenye Studio, sehemu ya Ijumaa ile kwetu ni Jumamosi asubuhi. Tukisoma saa tano na nusu siku yao imeshafungwa na mwezi wowote ule tuko salama. Juu ya hayo, zile ripoti zinachelewa kama siku mbili hivi kukamilika, basi vyanzo navijaza Jumanne, si Jumamosi. Hata hivyo namba za sehemu mbili hazigongani sawasawa. Wiki ya saba tofauti ya jumla ilikuwa 416, vyanzo nikivijumlisha nikapata 411. Mwanzo ilinikosesha usingizi, nikawa nataka kuzilazimisha zilingane, mwisho nikaachia: jumla inatoka mahali pamoja siku zote, vyanzo vinatoka mahali pengine siku zote, na hakuna kuchanganya.

(Klipu fupi za Shorts tuna chache, nazo ziko ukurasa mwengine kabisa. Tarehe 31 Machi 2025 YouTube walibadilisha namna ya kuzihesabu, sasa kila ikianza kucheza au kurudia inahesabika, hata kama mtu kaipitia kwa kidole tu. Ukizichanganya na vidio za kawaida utafurahi bure.)

Turudi wiki ya nane. Kabla ya kumjibu Bi Mwenyekiti nilimwambia, mama nipe mpaka Jumanne, nikakaa na ile safu ya D yote:

358, 181, 373, 194, 339, 169, 416, 202.

Isome tena taratibu. Haianguki, inayumba. Kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, wiki nane mfululizo, na sie tulikuwa tunaiona kila Jumamosi lakini kila Jumamosi tunalinganisha na wiki ya kabla yake tu, kwa hiyo wiki moja tunapongezana, wiki ya pili tunatafutana. Kilichofanya safari hii iumize ni kuwa wiki ya saba ilikuwa kubwa kuliko zote, basi mteremko ukaonekana mrefu.

Kitu cha kwanza nilichoshuku ni sie wenyewe. Kama tungekuwa tunapandisha vidio wiki moja tunaruka moja, yumba hiyo ingekuwa imejieleza. Nikaangalia safu ya "tumepandisha nini": kila Jumapili ipo, haijakosekana hata moja. Bando la mwezi? Hapana, hilo lingekuja kwa mwezi, si kwa wiki mbili. Nikawa nimekwama, nikamuuliza mama yangu mdogo ambaye naye ni mkulima, nikamwonesha namba, nikamwambia hebu fikiri wiki ile ya 169 mlikuwa wapi. Hata hakufikiri. "Si bamvua ile. Simu nitaitia wapi mie, majini?"

Asiyekaa pwani nimweleze. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanajaa sana na yanakupwa sana, ndiyo bamvua, na siku hizo maji yanakupwa asubuhi mchana kweupe mpaka shamba la mwani linafikika kwa miguu, basi kina mama wote wako chini wanafunga, wanavuna, wanabadilisha vigingi, wakirudi wana mzigo wa kuanika na watoto wa kulisha, wakiketi ni usingizi. Baina ya bamvua mbili kuna maji mafu, maji hayakupwi vya kutosha, shambani hakushukiki, mtu yuko nyumbani na simu yake. Kwa hiyo wiki zetu kubwa ni wiki za maji mafu na ndogo ni za bamvua. Tumekaa na bahari mlangoni miaka yote halafu tunashangazwa na namba inayopanda na kushuka kwa wiki mbili.

Lakini maelezo matamu si ushahidi, na Bi Mwenyekiti si mtu wa kupokea hadithi. Jumanne vyanzo vilipokamilika ndipo nilipopata cha kumwonesha. Kwenye Studio, sehemu ya vyanzo, kuna `YouTube search`, yaani waliotafuta wenyewe, na kuna `External`, waliotoka nje ya YouTube, na ukiibonyeza hiyo ya nje inakufungulia imetoka wapi, `WhatsApp` ina mstari wake. Sie tunaandika vitatu tu: wasap, waliotafuta, na vyengine vyote pamoja. Wiki ya saba ilikuwa wasap 228, waliotafuta 88, vyengine 95. Wiki ya nane wasap 64, waliotafuta 81, vyengine 55.

Waliotafuta hawakuyumba, 88 na 81 ni kitu kimoja. Hao ukiangalia ripoti ya nchi na lugha ya komenti zao wengi ni watu wa Bara na Kenya, bahari yetu haiwahusu. Kilichoanguka zaidi ni wasap, na wasap ndiyo magrupu yetu, ndiyo kina mama wenyewe. Ingekuwa vidio imewachukiza kwa muziki wake, au YouTube wameacha kuionesha, kushuka kungegusa kila mlango. Nikarudi wiki za nyuma, mwendo ni ule ule.

Halafu nikazipanga upya, bamvua kwa bamvua: 181, 194, 169, 202. Tatu za mwanzo wastani wake ni 181. Yaani ile wiki tuliyotaka kumsuta kijana wa watu ndiyo wiki ya bamvua iliyofanya vizuri kuliko zote. Sisemi muziki ndio uliopandisha, ishirini zaidi ni kidogo na wiki nne si kitu, yawezekana ni grupu moja tu limeongeza watu. Ninachosema ni kuwa haikushuka. Bi Mwenyekiti akatazama karatasi, akasema "Haya", na kwa anayemjua hiyo ni hotuba nzima.

Sasa usije ukafanya kosa nililofanya baadaye. Nikajiona mjanja, nikaandika kwenye shiti wiki shufwa ni bamvua, wiki witiri ni maji mafu, nikatulia. Wiki ya 11 ikatoka 281, ya 12 ikatoka 274. Mlima umelala. Nikaanza tena kutafuta mchawi, kumbe ni hesabu ya mwezi: bamvua mpaka bamvua si siku 14, ni 14 na karibu robo tatu, kwa hiyo kila safari inasogea mbele kwa hiyo robo tatu, wewe huku wiki zako ni za siku saba saba hazisogei. Kufika wiki ya 11 bamvua ilikuwa imekaa katikati, nusu wiki hii nusu ile, na ukiendelea hadi kama wiki ya 20 inakuwa imehama kabisa upande wa pili, shufwa na witiri zinabadilishana.

Dawa yake ilikuwa ni safu moja zaidi, "siku za kushuka", nambari tu: wiki hii kina mama wameshuka shambani siku ngapi. Sitoi kwenye kalenda peke yake, namuuliza mama mdogo kila Jumamosi, kwa sababu kuna siku maji yamekupwa lakini upepo mkali hawakwenda, au kuna msiba. Wiki ya 7 ilikuwa siku 1, wiki ya 8 siku 5, wiki ya 11 na ya 12 siku 3 kila moja, na ukitazama namba hizo pembeni ya 416, 202, 281 na 274 huhitaji mtu wa takwimu. Sasa tunalinganisha wiki zenye siku zinazokaribiana tu. Ramadhani nimeipigia mstari mwekundu, hatuilinganishi na kitu mpaka tupate Ramadhani ya pili.

Kuna kitu ambacho shiti hili halikioni, na nilikigundua kwa bahati. Kwenye mkutano wa mwezi niliuliza walioiona vidio ya chanja wanyoshe mikono, wakanyosha 23. Nikauliza, nani kabonyeza linki? Tisa. Na wale 14? Wengine waliona kwenye simu ya jirani, wengine walitumiwa klipu yenyewe, kwa sababu admini mmoja wa grupu, mwenye huruma yake, huwa anaipakua anaituma kama faili watu wasimalize MB kwenye linki. YouTube hao haiwajui. Upande wa pili yupo bibi mmoja kasema kaiangalia mara sita kwa linki ile ile, ndio hizo sita ziko kwenye jumla yetu. Basi mfadhili anapouliza tumefikia watu wangapi, tunaandika mara zilizotazamwa, na chini yake mstari wa pekee, mkutanoni tulihesabu mikono hivi. Nimeshaambiwa nizidishe, 23 kwa 9, halafu nipige jumla yote kwa hiyo. Sifanyi. Waliokuja mkutanoni ndio walio karibu na sie, huwezi kuwatumia kuwapimia watu wa Mombasa.

Komenti ndiyo kazi inayokula muda, na ndiyo inayolipa. Vidio ya mwani mweupe ilionesha komenti 57, tukashangilia, mpaka nilipozisoma moja moja nikakuta 21 ni zetu wenyewe, ile namba inahesabu na majibu, na kijana wetu ni mtu wa adabu anamjibu kila mtu "ahsante sana". Zimebaki 36. Hizo nazigawa: shukrani na dua 17, maswali 11, malalamiko 5, matangazo ya ulaghai 3. Komenti zina ukurasa wake, kila moja na neno moja kwenye safu ya E ya ukurasa huo, shiti linahesabu:

```
=COUNTIF(E2:E60,"swali")
```

Andika neno lile lile kila siku, ukiandika "maswali" mstari mmoja na "swali" mwengine hiyo fomula haikuonei huruma.

Ugomvi uko kwenye kugawa. Mtu kaandika: "Mashaallah, na sie huku Tumbe mbona hamji?" Mie nikaandika shukrani, mwenzangu kaandika lalamiko, na sote tuko sawa. Tulichukua komenti ishirini tukazigawa kila mtu peke yake bila kuchunguliana, tukapishana sita, hapo tukaweka kanuni: kama ndani yake kuna kitu kinachotaka jibu, ni swali, hata kama kimefungwa kwa mashaallah kumi. Tulivyorudia na ishirini nyengine tukapishana mbili. Na voisi za kwenye grupu nazo tunaziandika, kwa maneno yao, maana kina mama wengi hawachapi, wanasema. Jina na nambari ya simu haviingii kwenye shiti, linapita mikononi mwa watu wengi mno.

Wiki ya 14 safu ya komenti iliandika 0. Utazamaji ulikuwa wa kawaida, siku za kushuka 2, wasap imeleta watu kama kawaida yake, na komenti hakuna hata moja, hata dua. Bi Mwenyekiti kanitumia voisi: watu wamenuna? Safari hii sikusubiri Jumanne, nikamwambia kijana fungua vidio yenyewe usome chini, akakuta pameandikwa komenti zimezimwa. Kwenye klipu ile kulikuwa na watoto wanawasaidia mama zao kugeuza mwani kwenye chanja, kwa hiyo wakati wa kupandisha YouTube walipomuuliza kama vidio hii imetengenezwa kwa ajili ya watoto, yeye akajibu ndiyo, watoto si wamo? Wao wanauliza imelengwa nani, si nani anaonekana, na ukijibu ndiyo komenti zinafungwa. Akabadilisha, nami nikaandika kwenye "mengineyo" tarehe na saa. Isha haijaadhiniwa ikaingia ya kwanza, mtu anauliza chanja hiyo urefu wake kutoka chini ni kiasi gani. Swali.